Mvua Iliyoangusha Minara ya Stima

Jumatatu tarehe 5 Januari 1998, watu wa Montreal waliamkia mvua. Mji huu uko mashariki mwa Kanada, na wastani wa joto lake mwezi wa Januari ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji kwao ni kama vumbi kwetu: inaudhi, inazolewa kwa koleo, maisha yanaendelea. Kwa hivyo mvua katikati ya Januari ingeweza hata kuonekana kama nafuu. Tatizo ni kwamba kila kitu ilichokigusa kilivikwa kioo. Matawi, ngazi za nje za nyumba, vioo vya magari, nyaya za stima, vyote vilipakwa barafu safi inayopitisha mwanga, na mvua haikukoma. Ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha tena, hadi Jumamosi tarehe 10.

Kufikia Ijumaa jimbo la Quebec lilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 gizani. Minara mikubwa ya chuma, ile ya kubeba stima kutoka mabwawa ya kaskazini, ilikuwa imelala mashambani kwa mamia. Nguzo za mbao takriban 30,000 zilivunjika. Mitambo ya kusafisha maji ya Montreal ilikosa stima, na mji wa mamilioni ukabaki na maji ya saa chache tu mifereji ikauke. Wanajeshi karibu 16,000 walitumwa kusaidia. Watu zaidi ya 25 walikufa upande wa Kanada, na sehemu yao hawakuuawa na barafu yenyewe. Waliuawa na moshi: jenereta na majiko yaliyowashwa ndani ya nyumba zilizofungwa. Hiyo sehemu haihitaji kutafsiriwa kwa mtu yeyote aliyekulia mahali penye jiko la makaa.

Sasa, kitu kilichonifanya nitumie wiki tatu nikisoma habari za dhoruba ya nchi ambayo sijawahi kukanyaga ni hiki. Mji wa Montreal ulipata kama milimita 100 za maji kwa siku zile. Maji hayohayo yangeanguka kama theluji yangekuwa rundo la karibu mita moja, kwa sababu kwa kawaida sentimita moja ya maji hutoa kama sentimita kumi za theluji. Mita moja ya theluji ni nyingi, hata kwao. Shule zingefungwa, mapaa kadhaa yangelemewa, trekta za kusukuma theluji zingefanya kazi usiku na mchana. Lakini minara ingebaki imesimama. Na yangeanguka kama punje ngumu za barafu, zingedundadunda juu ya nyaya na kumwagika chini kama mchele. Kilichouangusha mtandao wa stima ni kwamba hewa, mahali fulani juu ya vichwa vya watu, ilikuwa na joto. Yaani ubaridi ukizidi kidogo kule juu, wiki ile inasahaulika.

Ili kuelewa hilo inabidi kwanza tuachane na kipimajoto cha ukutani. Sisi huwa tunadhani chini kukiwa na baridi kali, mvua inakuwa theluji, na chini kukiwa na joto, inakuwa mvua. Kipimajoto cha ukutani kinakuambia habari za mita mbili za mwisho za safari ya kilomita kadhaa. Kinachoamua ni safari nzima, na zaidi ya yote ni mpangilio wa matabaka ambayo tone limepitia.

Hebu tufuate tone moja. Namba nitakazotumia ni za mfano, lakini ni za aina iliyokuwepo juu ya bonde la mto Saint Lawrence wiki ile.

Tuanzie mita 5,000 juu, ndani ya wingu lenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hapo kuna kipande cha theluji kilichojijenga kutokana na mvuke. Kinaanza kushuka polepole sana, kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea akiwaza mambo yake. Kinashuka hivyo hadi mita 2,500, na hapo kinaingia tabaka la hewa yenye joto. Neno joto lisikupoteze, tunaongea habari za nyuzi 4 juu ya sifuri, baridi ambayo ingekutoa machozi pale Limuru. Kwa theluji, hiyo ni tanuri. Ndani ya mita mia chache kipande chote kimeyeyuka na kuwa tone la maji, na kwa kuwa tone ni dogo na zito kuliko kipande cha theluji kilichotanuka, linaongeza mwendo hadi kama mita nne kwa sekunde.

Tabaka la joto linaishia mita 700 juu ya ardhi. Chini yake kuna hewa nyingine baridi, nyuzi 4 chini ya sifuri, imejilaza bondeni. Tone linaivuka kwa muda wa chini ya dakika tatu. Na hapa ndipo shule ilitudanganya, au tuseme ilitufupishia: maji hayagandi lazima yakifika sifuri. Sifuri ni mahali barafu inapoyeyuka. Ili maji yaanze kuganda yanahitaji kitu cha kuanzia, chembe ya barafu ambayo tayari ipo, au aina fulani ya vumbi ambalo maji hujipanga juu yake. Vumbi la namna hiyo hewani huwa linaanza kufanya kazi vizuri joto likishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Kwenye nyuzi 4 chini, tone letu halina pa kuanzia. Linapoa, linafika chini ya sifuri, na linaendelea kuwa maji. Linafika kwenye waya likiwa maji baridi kuliko barafu. Likiugusa tu, limepata pa kuanzia.

Hiyo ndiyo mvua ya kugandia. Inaanguka kama mvua, inasikika kama mvua, na inakuwa barafu ikishagusa kitu.

Sasa badilisha kitu kimoja kwa wakati uone. Punguza joto la tabaka la kati kutoka nyuzi 4 hadi nusu nyuzi. Kipande cha theluji kinayeyuka nje tu, katikati kunabaki kiini kidogo cha barafu. Kikiingia hewa baridi ya chini, kile kiini ndicho pa kuanzia, na tone lote linaganda tena likiwa bado hewani. Kinachofika chini ni punje za barafu, ngumu, zinazoruka zikigonga lami. Rudisha nyuzi 4 za kati, lakini fanya tabaka baridi la chini liwe nene, tuseme mita 2,000, na baridi yake ishuke hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Hapo hata tone lililoyeyuka kabisa lina nafasi nzuri ya kuganda kabla ya kutua, na unapata punje tena. Ondoa tabaka la joto kabisa, unapata theluji. Ondoa tabaka baridi la chini, unapata mvua ya kawaida ya kulowesha viatu. Wingu ni lilelile kwa mifano yote. Tofauti kati ya watoto kucheza nje na minara kuanguka ni nyuzi tatu nne za joto, kilomita moja na nusu juu, mahali ambapo hakuna mtu.

Punje hizi msizichanganye na mvua yetu ya mawe. Mvua ya mawe huzaliwa ndani ya mawingu ya radi, ambapo upepo unaopanda unashikilia donge la barafu juu huku likiendelea kuongezwa ganda. Haihitaji baridi chini. Ndiyo maana wakulima wa majani chai wa Kericho wanaijua vizuri kuliko watu wengi duniani, na ndiyo maana Septemba 2008 kule Busara karibu na Nyahururu mlima mzima uligeuka mweupe na watu wakakimbia kwenda kuona theluji. Ilikuwa mvua ya mawe. Hapa kwetu hewa inafika sifuri karibu mita 4,800 juu, na ukishuka kutoka hapo joto linaongezeka tu hadi chini. Hakuna tabaka la pili la baridi. Mvua nyingi kubwa ya Nairobi imeanza kama barafu pia, lakini ina zaidi ya kilomita tatu za hewa yenye joto za kuyeyukia, basi inatufikia kama maji, kila mara.

Kwamba mvua inaanza kama barafu si jambo lililojulikana tangu zamani. Mwanasayansi wa Kiswidi, Tor Bergeron, alikuwa mapumzikoni mwaka 1922 kwenye mlima ulio juu ya Oslo, na akawa anatembea kwenye njia ya msitu wa misonobari ambao mara nyingi ulifunikwa na ukungu. Aliona kitu ambacho wengine wangekipita. Siku ambazo joto lilikuwa juu ya sifuri, ukungu ulijaa hadi njiani, kati ya miti. Siku za baridi kali, kama nyuzi 10 chini, njia ilikuwa wazi na ukungu ulikaa juu ya miti. Matawi siku hizo yalikuwa yamejaa barafu. Akajiuliza kama barafu ya matawi ndiyo inayofyonza mvuke na kuyaacha matone ya ukungu yakikauka. Ndivyo ilivyo: barafu na matone ya maji baridi vikikaa pamoja, barafu inakua kwa kuyala matone. Aliporudi kazini alilipeleka wazo lile mawinguni, na miaka kumi na kitu baadaye akalitetea mbele ya wenzake: vipande vya theluji vinakua ndani ya wingu kwa kula matone yaliyo jirani, vinakuwa vizito, vinaanguka, na vingi vinayeyuka njiani. Mjerumani Alfred Wegener, yule wa mabara yanayosogea, alikuwa ameligusa wazo hilo kabla yake.

Lakini kujua tone linaanza vipi ni jambo moja, na kujua limepitia hewa gani ni jingine. Kwa hilo ilibidi mtu apeleke kipimajoto juu. Mwanzoni mwa karne iliyopita idara ya hali ya hewa ya Marekani ilikuwa na vituo vya kurusha vishada. Usifikirie vile vya karatasi ya nailoni na vijiti vya ufagio tulivyorusha utotoni. Vilikuwa masanduku makubwa ya kitambaa na mbao, yakishikiliwa na waya wa chuma uliozungushwa kwenye gurudumu, na ndani yake kifaa kilichochora joto na mgandamizo wa hewa kwenye karatasi. Kituo kimojawapo kilikuwa Drexel, Nebraska. Kishada kikipanda kwenye hewa baridi kisha mstari wa joto ukaruka juu ya sifuri, hapo ulikuwa unaliona tabaka la joto kwa macho yako, limechorwa kwa wino.

Mwaka 1920, baada ya wiki moja ya Januari ambapo mashariki ya Marekani ilipigwa na punje za barafu na barafu ya kugandia, jarida la idara ile lilichapisha makala za Charles Brooks na za kijana mmoja aitwaye LeRoy Meisinger zilizoeleza jinsi matabaka yanavyopangana. Mengi niliyowaeleza hapo juu kuhusu theluji kuyeyuka na kuganda tena, mifupa yake ilikuwepo kwenye kurasa zile, miaka 78 kabla ya Montreal.

Meisinger ananikaa akilini. Vishada vilikuwa vinampa mstari mmoja wa hewa juu ya kituo kimoja. Yeye alitaka kujua hewa yenyewe inatoka wapi na inaenda wapi ndani ya dhoruba, na njia pekee ya kujua hilo wakati ule ilikuwa kupanda puto lisilo na injini na kuiacha hewa ikubebe. Masika ya 1924 alifanya safari kadhaa hivyo, akianzia uwanja wa jeshi wa Scott Field jimboni Illinois, pamoja na rubani wa jeshi, Luteni James Neely. Usiku wa tarehe 2 Juni puto lao lilipigwa na radi juu ya Illinois. Wote wawili walikufa. Meisinger hakuwa amefika miaka 30. Kazi ya 1920 kuhusu barafu aliifanya akiwa katikati ya miaka ishirini na kitu, umri ambao wengi wetu bado tunaambiwa tutafute kazi ya maana.

Miaka sita baadaye, tarehe 30 Januari 1930, Mrusi Pavel Molchanov alirusha kutoka Pavlovsk, karibu na Leningrad, puto lenye kifaa kidogo kinachotuma vipimo chini kwa redio. Mfaransa Robert Bureau alikuwa amejaribu kitu cha aina hiyo mwaka mmoja kabla. Tangu hapo hakuna mtu aliyehitaji kupanda. Kifaa kinapanda, kinasema joto na unyevu wa kila tabaka, puto linapasuka, mambo yameisha. Vituo vya namna hiyo vipo duniani kote. Cha kwetu kipo pale Dagoretti Corner, na kama umewahi kupita Ngong Road na kuona puto jeupe likipanda, basi ndilo hilo. Montreal haina chake. Cha karibu upande wa Kanada kiko Maniwaki, kaskazini ya Ottawa, na mtabiri wa Montreal anapaswa kukisia kilicho katikati.

Kukisia huko ni kugumu kuliko kunavyosikika, maana matabaka yenyewe hayatulii. Kuna sababu moja ya ajabu inayofanya mvua ya kugandia, kwa kawaida, ijimalize yenyewe baada ya saa chache. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunakula joto jingi sana. Joto hilohilo lingetosha kupasha gramu ile ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi nyuzi 80. Sasa fikiria theluji ya mji mzima ikiyeyuka ndani ya tabaka la joto kwa saa nzima. Kila kipande kinanyonya joto kutoka kwa hewa iliyokizunguka, na tabaka lile linapoa, linakaribia sifuri, hadi theluji inaanza kupita bila kuyeyuka kabisa. Huku chini kinatokea kinyume. Kila tone linaloganda juu ya waya na lami linarudisha joto lilelile hewani, na tabaka baridi la chini linapanda kuelekea sifuri. Juu panapoa, chini panapata joto. Mvua ya kugandia inajifuta. Mara nyingi ndivyo inavyoisha, hata kabla ya mtu kutafuta chumvi ya kumwaga mlangoni.

Kwa hivyo swali la kweli kuhusu 1998 si kwa nini ilianza. Barafu ya aina hiyo huonekana Montreal karibu kila mwaka. Swali ni kwa nini ilishindwa kuisha.

Jibu la chini ni bonde. Mto Saint Lawrence unapita kwenye bonde refu linaloelekea kaskazini mashariki, likiwa na milima ya Laurentia upande mmoja na safu ya Apalachia upande mwingine. Wiki ile kulikuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa baridi kaskazini na kaskazini mashariki. Hewa baridi ni nzito, haipandi milima kwa hiari, inatafuta mfereji. Ikaingia bondeni na kutiririka kuelekea Montreal usiku na mchana, kama hewa ya chini ya mlango. Kila barafu ilipolitia tabaka la chini joto kidogo, upepo ulilifuta na kuleta baridi mpya.

Jibu la juu lilitoka mbali zaidi. Juu ya bahari ya Atlantiki, upande wa Bermuda, kulikuwa na mgandamizo mwingine uliokataa kusogea, na kando yake hewa yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko ilipanda kaskazini kwa siku nyingi mfululizo. Ilipokutana na ile baridi iliyojaa bondeni haikuweza kuisukuma, kwa sababu ni nyepesi, basi ikapanda juu yake kama gari kwenye daraja. Tabaka la kati likawa linapashwa upya kila saa. Theluji ilijitahidi kulipoza, nalo likaletewa joto jingine. Mashine mbili zinazojizima zenyewe, kila moja ikiwa na mtu wa kuijaza mafuta.

Mtasikia watu wakisema hiyo ilikuwa kazi ya El Nino. Msimu ni uleule, huo ni ukweli. Bahari ya Pasifiki iliyokuwa na joto la kupita kiasi mwishoni mwa 1997 ndiyo iliyotajwa wakati mvua ilipokata barabara na kubeba madaraja hapa Kenya, ile mvua ambayo wazazi wetu wanaitumia kama kalenda, ati fulani alizaliwa El Nino. Lakini mimi ningekuwa mwangalifu. El Nino huongeza uwezekano wa njia fulani za dhoruba kusini mwa Amerika Kaskazini, haiwezi kuchagua kwamba tabaka la kati liwe nyuzi 4 na la chini liwe mita 700. Hata mvua yetu ya 97 ilisaidiwa sana na joto la Bahari ya Hindi yenyewe. Unaweza kusema miji miwili ilikuwa chini ya anga lililovurugika msimu mmoja, na uishie hapo.

Turudi kwenye waya, kwa sababu ndipo gharama ilipolipwa. Tone la nyuzi 4 chini ya sifuri likigusa waya haligandi lote kwa mpigo. Kumbuka ile hesabu ya 80. Ili lijipashe kutoka nyuzi 4 chini hadi sifuri, tone linahitaji kugandisha sehemu 4 tu kati ya 80 za maji yake, yaani asilimia 5. Asilimia 95 iliyobaki bado ni maji, na inasubiri upepo uondoe joto lililobaki. Katika kusubiri huko inatambaa, inauzunguka waya, inajaza kila mwanya, inaning'inia chini kama vidole. Ndiyo maana barafu hii ni angavu, haina mapovu ya hewa, na inashika kama imechomelewa. Theluji ungeipangusa kwa mkono.

Chukua waya wa stima wenye unene wa sentimita 3, uuvike barafu ya sentimita 3 kila upande. Kila mita moja sasa imebeba karibu kilo 5 za ziada. Kati ya mnara na mnara kuna, tuseme, mita 300. Hiyo ni tani moja na nusu kwa waya mmoja, na mnara unabeba nyaya nyingi. Halafu upepo unaanza kuzitikisa. Mnara umejengwa ukitegemea kwamba nyaya za kushoto zinauvuta sawa na za kulia. Mmoja ukivunjika, mvuto wa upande mmoja unatoweka, na jirani yake anavutwa kama mtu ambaye mwenzake ameachilia kamba. Naye anamvuta anayefuata. Picha za wakati ule zinaonyesha safu nzima ya minara imepiga magoti kuelekea upande mmoja. Baada ya hapo shirika la stima la Quebec liliweka minara imara zaidi baada ya kila kipande fulani cha laini, kazi yake ikiwa ni kusimama wakati wengine wanaanguka, ili maporomoko yasivuke hapo.

Sehemu iliyoumia zaidi ilikuwa kusini mwa Montreal, kati ya miji ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu. Watu waliipa jina la pembetatu ya giza. Ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa kukamuliwa kwa mashine hajui habari za stima kupotea. Wakulima walizungusha jenereta moja kutoka zizi hadi zizi, na maziwa mengi yakamwagwa. Mashamba ya miti ya mepo, ile ya kukamuliwa sharubati, yaliyochukua miongo kukua, yalivunjwa vilele.

Tarehe 10 mvua ilikoma, unyevu wa kusini ukakatika na hewa ya kaskazini ikachukua nafasi yote, kutoka juu hadi chini. Tabaka la joto likawa limekwisha, na mpangilio ukawa wa kawaida kwa Januari: baridi kila mahali. Siku zilizofuata joto lilishuka sana, na barafu iliyokuwa juu ya matawi na nyaya haikuwa na sababu tena ya kuyeyuka. Mafundi waliipiga kwa nyundo na vijiti, waya kwa waya, wakati watu maelfu kwa maelfu wakilala kwenye kumbi za shule na makanisa. Nyumba za mwisho ndani ya ile pembetatu zilirudishiwa stima mwezi wa Februari.